Miwani ya barabarani si adui: ziba jicho moja kabla ya kulipa

Mwaka jana nilisema kwenye radio kwamba miwani ya kusomea inayouzwa barabarani inaharibu macho. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, bila kumuuliza munganga yeyote wa macho. Majuma matatu baadaye nilikuwa Kigonze, hapa Bunia, kwenye kambi ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Djugu, na mama mmoja mshonaji akanishika mkono. Akaniambia: «Mwanangu, nilikusikia. Nikatupa lineti zangu. Sasa siwezi kuingiza uzi kwenye sindano, na mashini imelala tangu siku ile.»

Mashini ile ndiyo ilikuwa inalisha watoto wanne. Nilitoka pale nikiwa na haya, nikaenda kuuliza wenye kujua: munganga wa macho, muuguzi mmoja aliyefundishwa kupima macho, na vijana wawili wanaouza miwani karibu na soko kuu. Leo naandika kusahihisha niliyosema. Lakini sitaki pia kuruka upande wa pili na kusema kila lineti ya franka elfu tano ni nzuri. Kuna kitu kimoja ambacho lineti hizi haziwezi kufanya, na mtu asipokijua anaweza kupoteza jicho akiwa anacheka.

Kwanza, jambo lenyewe. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo kilicho laini. Ukiwa kijana, kioo hicho kinajikunja chenyewe unapoangalia kitu cha karibu, kisha kinajinyoosha unapoangalia mbali. Kuanzia miaka 40 hivi kinaanza kuwa kigumu. Unaanza kusogeza Biblia mbali, unasoma ujumbe wa simu mkono ukiwa umenyooka, unamwita mtoto akuchambulie mchele. Waganga wanaiita presbisi. Si ugonjwa, na hakuna mtu anayeiepuka akifikisha miaka 50. Dawa ya matone haiwezi kulainisha kioo hicho, wala karoti haziwezi. Kinachosaidia ni kioo kingine cha nje kinachofanya kazi ile ambayo cha ndani kimeshindwa.

Kioo hicho cha nje ndicho kinachouzwa barabarani. Ukiangalia vizuri kwenye kioo ao kwenye mkono wa lineti utaona kibandiko kidogo chenye namba: +1.00, +1.50, +2.00, na kuendelea mpaka +3.50 ao +4.00. Mtu mzima akivaa namba isiyo yake ataumwa kichwa, atachoka, ataona giza giza, lakini jicho lake halitaharibika. Akivua, jicho liko vile lilivyokuwa. Munganga aliniambia hivyo wazi, na ndipo nilipoelewa kosa langu. Kitu hiki cha bei ndogo kinarudisha watu kazini. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti uliofanyika Assam, kule India, kwa wachumaji wa majani ya chai waliopita miaka 40. Waliopewa miwani ya karibu walichuma zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa, na tofauti ilikuwa karibu sehemu moja kwa tano. Yule mama wa Kigonze hakuhitaji utafiti kulijua hilo. Mashini yake ilikuwa imemwonyesha.

Basi kwa nini wengine wanaumwa kichwa?

Nilirudi kwa yule mama na muuguzi. Alikuwa na miaka 46. Alikuwa bado na kibandiko cha lineti alizozitupa, amekibandika kwenye mashini: +3.00. Nikamuuliza nani alimchagulia. Akasema kijana muuzaji alimpa boksi ya dawa yenye maandishi madogo sana, akamjaribisha nyingi, yeye akachukua zile zilizofanya maandishi yawe makubwa kuliko zote. Ndivyo wengi wetu tunavyonunua. Tunadhani nguvu ikizidi ndio faida, kama vile kununua pili za tochi.

Mama akatueleza kwamba alikuwa anashona asubuhi vizuri, lakini ikifika saa sita kichwa kinamgonga juu ya macho na shingo inakaza. Mara mbili alikunywa dawa za malaria bila kupimwa damu. Muuguzi hakumuuliza maneno mengi. Alichukua mita ya kushonea ya mama mwenyewe, akamwambia akae kwenye mashini kama anavyokaa siku zote, akapima kutoka jichoni mpaka kwenye sindano. Ilikuwa sentimeta 45.

Hapo ndipo hesabu inapokuja, na si ngumu. Kila namba ya lineti ina mwisho wake wa kuona vizuri. Kwa mtu ambaye anaona mbali vizuri bila miwani, +1.00 inafika mita moja, +2.00 inafika sentimeta 50, na +3.00 inafika sentimeta 33 tu. Kupita hapo kila kitu kinakuwa na ukungu. Sindano ya mama ilikuwa kwenye 45, na lineti zake zilikuwa zinaishia kwenye 33. Kila siku alikuwa anainama sentimeta 12 ili aone, mgongo umepinda, na macho yake mawili yanalazimika kugeuka sana kuelekea puani ili yakutane kwenye kitu kilicho karibu hivyo. Saa nne ao tano za namna hiyo zinatosha kumletea mtu yeyote maumivu ya kichwa. Haikuwa malaria.

Muuguzi akampa ajaribu +1.50. Hiyo inafika sentimeta 67 hivi, na kwa umri wa miaka 46 kioo cha ndani bado kina nguvu kidogo ya kumsaidia kuja karibu zaidi. Mama akakaa wima, akaingiza uzi mara ya kwanza. Ndani ya juma moja maumivu yakaisha. Hakununua lineti za dola makumi. Alinunua tena barabarani, kwa kijana yule yule, lakini safari hii alijua namba yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: chukua namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kufanya kazi yako ukiwa umekaa vizuri. Kwa kawaida mtu wa miaka 40 na kidogo anaanzia +1.00, karibu na 50 anahitaji +1.50 ao +2.00, na aliyepita 60 anafika +2.50 hivi. Mtu wa miaka 45 anayeomba +3.00 ni lazima tumuulize kwa nini. Na usijaribu lineti huku umeshika maandishi karibu na pua. Shika kitu chako mwenyewe, pale unapokishikaga kila siku. Kama wewe ni mshonaji, nenda na kipande cha kitambaa na sindano. Kama ni msomaji, nenda na kitabu cha nyimbo.

Kibandiko nacho kinaweza kudanganya. Kuna njia ya kukihakikisha hata ndani ya hema. Simama ndani mchana, mbali na mlango, karibu na ukuta ao bashi iliyo upande wa pili. Shika kioo kimoja cha lineti mbele ya ukuta, kikielekea mlangoni, halafu kisogeze polepole. Kuna mahali ambapo utaona ukutani picha ndogo ya nje, miti na nyumba, ikiwa kichwa chini. Picha ikiwa safi kabisa, pima kutoka kioo mpaka ukuta. Kama lineti ni +2.00 kweli, itakuwa sentimeta 50 hivi. Kama ni +2.50, itakuwa 40. Fanya hivyo kwa kioo cha pili. Vikitofautiana sana, lineti hizo zitakuumiza kichwa hata kama namba iliyoandikwa ni yako. Lakini usifanye jaribio hili kwa jua lenyewe, maana kioo hiki kinaweza kuchoma kitambaa, na bashi zetu zinawaka haraka.

Kuna watu ambao lineti za barabarani haziwezi kuwatosha hata wakichagua kwa akili. Lineti hizo zina namba moja kwa macho yote mawili, lakini wengine wana macho yasiyolingana: la kuume linataka +1.00 na la kushoto +2.50. Wengine jicho lao halina mviringo sawa pande zote, kwa hiyo mstari uliosimama unaonekana vizuri na mstari uliolala unaonekana umechafuka. Kwa hao hakuna namba ya barabarani itakayosaidia, maana kioo chao kinapaswa kukatwa kwa namna ya pekee. Tena kila fremu ya barabarani ina katikati ya vioo ambayo imepangwa kwa mtu wa kawaida. Kama macho yako yamekaribiana sana ao yameachana sana, unaangalia kando ya katikati hiyo, na macho yanavutana. Kwa +1.00 hutasikia kitu. Kwa +3.00 utasikia mapema sana. Hawa ndio wanaohitaji miwani ya kupimiwa, na wakiipata wanashangaa kwamba walivumilia miaka yote ile.

Na kama hujui kama ni lineti zinazokuumiza kichwa ao ni kitu kingine, zivue siku mbili na uache kazi za karibu. Kichwa kikitulia, kisha kikirudi ukizivaa tena, basi ni lineti. Kisipotulia, usiendelee kubadilisha lineti. Tafuta sababu nyingine. Hapo ninafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika kambi ile ile kuna mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, mwenye miaka 58. Aliposikia tunaongea lineti akatuletea mfuko. Ndani kulikuwa na lineti nne, alizozinunua kwa miaka miwili tu: +1.50, kisha +2.00, kisha +3.00, kisha +3.50. Alikuwa anazionyesha kwa kujivuna kidogo, kama mtu anayefuata matibabu. Alisema: «Kila mara mwangaza unapungua, naongeza namba.» Aliongeza kwamba siku hizi anajigonga kwenye kamba za hema, na mistari ya kitabu inampotea, lakini ni uzee.

Muuguzi akamwambia avae zile za +2.00, ashike kitabu, azibe jicho la kushoto kwa kiganja. Akasoma polepole lakini akasoma. Akamwambia azibe la kuume. Mwalimu akanyamaza. Akasogeza kitabu kushoto, akakisogeza kuume, akaondoa kiganja, akakirudisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini: «Hili halioni kitabu.»

Hakujua. Miaka miwili jicho moja lilikuwa linazimika, na lingine linafanya kazi ya mawili bila kumwambia. Kila alipojaribisha lineti barabarani alijaribu kwa macho yote mawili wazi, jicho zima likajibu kwa niaba ya lile bovu, muuzaji akasema «Ni yako hii», na mwalimu akaenda zake.

Hopitalini walimkuta na glokoma. Ni ugonjwa ambao mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni mpaka kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu maji ya ndani ya jicho yana mkandamizo mkubwa. Katika namna yake ya kawaida hauumi. Unaanza kula pembeni, ndiyo maana mtu anajigonga, na katikati panabaki mpaka mwisho, ndiyo maana anaendelea kujidanganya kwamba anaona. Kilichopotea hakirudi, si kwa matone wala kwa operesheni. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Jicho la kuume la mwalimu lilikuwa limeguswa kidogo tu, na sasa anatia matone kila siku bila kukosa. Watoto wake na wadogo zake nao wameambiwa waende kupimwa, maana glokoma inatembea katika ukoo, na sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine.

Lineti zake nne hazikumletea glokoma. Narudia, maana kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Zilichofanya ni kumpa jibu la haraka kila alipokuwa na swali, na kwa hiyo swali halikufika hopitalini.

Ndiyo maana maoni yangu sasa ni haya: tatizo letu si kwamba watu wananunua barabarani, bali ni kwamba wananunua na macho yote mawili wazi. Ziba jicho moja, soma. Ziba lingine, soma. Ni dakika moja na haina bei. Kama jicho moja linasoma na lingine halisomi hata ukibadilisha namba, usinunue chochote siku hiyo. Jicho hilo linaomba munganga.

Kuna alama nyingine chache za namna hiyo. Ukibadilisha namba zaidi ya mara moja kwa mwaka, kuna kitu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kuona vizuri juma hili na vibaya juma lijalo kwa sababu sukari inapanda na kushuka, na wengine wanajua wana sukari kwa sababu ya macho tu. Mzee wa miaka 65 ambaye ghafla anaanza kusoma bila lineti, na familia inashukuru Mungu kwa muujiza, mara nyingi anaanza mtoto wa jicho, ile katarakte, ambayo mwanzoni inaweza kumrudishia uoni wa karibu kwa muda huku ikimwondolea wa mbali. Mtoto ao kijana anayelalamika hawezi kusoma ubaoni asivalishwe lineti hizi kabisa, maana ni za karibu, na zitamfichia ubao zaidi. Na jicho jekundu linalouma pamoja na kichwa, ukiona duara za rangi kuzunguka taa, na unatapika, hilo ni la kukimbia hopitalini usiku huo huo, si la kungoja soko lifunguke.

Najua mtakachonijibu. Mtasema munganga wa macho yuko mbali, na miwani ya kupimiwa inaombwa dola makumi, nasi tunangojea mgawo wa unga. Ni kweli. Lakini tumechanganya vitu viwili. Kupimwa ni kitu kimoja na kununua miwani ya dola nyingi ni kitu kingine. Kama familia imejikusanyia dola chache, ningesema zilipie kwanza munganga aangalie ndani ya macho yote mawili na apime mkandamizo. Akisema macho ni mazima na yanalingana, mwambie akuandikie namba kwenye karatasi, kisha shuka barabarani ununue za franka elfu tano bila woga. Kinyume chake, nimeona mtu aliyelipa pesa nyingi kwenye duka lenye vioo vinavyong'aa, akakalishwa mbele ya mashini moja, akapewa miwani nzuri ya kukatwa, na hakuna aliyeangalia ndani ya jicho lake. Huyo naye amenunua lineti ya barabarani, isipokuwa bei.

Wale vijana wa sokoni nao nisiwasahau. Wengine wanataka wafukuzwe. Mimi nasema wapewe karatasi mbili: moja yenye maandishi ya ukubwa tofauti, nyingine yenye kamba ya sentimeta 40 imeshikizwa, ili mteja asome kwa umbali wa kweli. Na wafundishwe neno moja la kumwambia kila mteja: «Ziba jicho moja.» Mmoja wao tayari anafanya hivyo. Aliniambia tangu aanze amewarudisha watu watatu bila kuwauzia, na mmoja alirudi kumshukuru. Kuhusu vituo vya afya vya kambini, muuguzi anayepima uzito wa mtoto anaweza kumwambia bibi aliyemleta azibe jicho moja asome kadi ya chanjo. Hakuna mashini inayohitajika.

Mama mshonaji anashona tena. Niliporudi mara ya mwisho alikuwa anapunguza suruali ya mwalimu, naye mwalimu amekaa kwenye kibao pembeni, chupa ya matone mfukoni, anamsomea barua kutoka kwa mtoto wake aliye Mahagi. Alikuwa amevaa zile za +2.00. Zile tatu nyingine alishagawa, na kila aliyepokea aliambiwa kwanza azibe jicho moja.